Tarehe ya Kuripoti: Wiki ya Kwanza ya Mfanyakazi Mpya wa Kaunti

Maelezo kwa wafanyakazi wapya na wakazi wa Migori na Homa Bay



Mwananchi anaposikia kwamba zahanati ya kwao imepata muuguzi mpya, huona jambo limekwisha. Muuguzi amefika, mlango utafunguliwa, watoto watachanjwa. Lakini kwa yule muuguzi, siku ya kufika ndiyo siku hesabu zinapoanza. Mshahara wake wa kwanza, tamko lake la mali, mkataba wake wa maandishi na mwisho wa kipindi chake cha majaribio vyote huhesabiwa kutoka siku moja, nayo ni siku aliyoripoti kazini. Siku hiyo ikiandikwa vizuri, mambo mengine hufuatana. Ikipotea, muuguzi anaweza kufanya kazi miezi miwili bila kulipwa, na mwisho wake anafunga virago na zahanati inafungwa tena.

Ndiyo sababu maelezo haya yanafuata wiki ya kwanza ya mfanyakazi mpya siku kwa siku, kisha yanaendelea hadi mwezi wa sita. Migori ina bodi yake ya huduma ya umma na Homa Bay ina yake, na kila moja hupanga ratiba yake ya kuwakaribisha wafanyakazi. Sheria iliyo juu yao, hata hivyo, ni moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ndiyo inayoipa bodi mamlaka ya kuajiri, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ndiyo inayoweka mipaka ya mkataba na majaribio. Mwenye kuzifahamu sheria hizo mbili anaweza kuisoma ratiba yoyote na kujua kinachokosekana.

Mfano utakaotumika hapa ni wa muuguzi aliyeajiriwa na kaunti na kupangiwa kituo cha afya katika kisiwa cha Mfangano. Anaripoti Jumatatu, tarehe 2 Machi 2026. Huo ni mfano tu, lakini kila hatua yake ni hatua ambayo mfanyakazi wa kweli huipitia.

Kabla ya Jumatatu: makaratasi

Kazi ya kaunti huanza na barua ya uteuzi kutoka kwa bodi. Barua hiyo hutaja cheo, kundi la mshahara, masharti ya kazi na muda wa kujibu. Mwajiriwa hujibu kwa maandishi kwamba amekubali. Jibu la simu halitoshi, kwa sababu simu haiingii kwenye faili.

Baada ya hapo huja makaratasi. Kwa urahisi, yagawanywe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kuthibitisha kwamba mtu ni yeye: kitambulisho cha kitaifa, vyeti vya shule na chuo, na kwa wale wa taaluma, leseni ya sasa. Muuguzi wetu huleta leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya. Leseni iliyokwisha muda haifai, hata kama cheti cha chuo ni cha kweli, kwa maana cheti husema kwamba alisoma, na leseni husema kwamba leo anaruhusiwa kumhudumia mgonjwa.

Fungu la pili ni la mshahara: cheti cha PIN cha KRA, namba ya NSSF, usajili wa SHA na akaunti ya benki iliyo kwa jina lake mwenyewe. Hapa wengi hukwama kwenye bima ya afya. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa hiyo kadi ya zamani ya NHIF si usajili. Mtu ambaye hajajisajili hupiga *147# na kufuata maelekezo, na kazi hiyo anaweza kuimaliza akiwa nyumbani.

Fungu la tatu ni la uadilifu. Hivi ndivyo vyeti vinavyoitwa na wengi vya Sura ya Sita, kwa kuwa vinatokana na sura ya sita ya Katiba kuhusu uongozi na maadili: cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi wa jinai DCI, kibali cha HELB, cheti cha kutimiza ushuru cha KRA, taarifa ya ofisi za kumbukumbu za mikopo CRB, na kibali au fomu ya tamko kutoka tume ya maadili EACC. Cheti cha mwenendo mwema ndicho kinachochukua muda. Ombi hufanywa kwenye eCitizen, fomu ya C24 huchapishwa, kisha mwombaji huenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Wakazi wa Migori na Homa Bay hawana haja ya kwenda Nairobi kwa ajili hiyo. Kuna Kituo cha Huduma katika kila mojawapo ya miji hiyo miwili.

Jambo moja la kisheria lafaa kujulikana na kila familia yenye kijana anayetafuta kazi. Tangu Sheria ya Ajira ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, mwajiri hatakiwi kumdai mwombaji vyeti hivi vya kibali isipokuwa anakusudia kumpa mkataba. Kwa hiyo kijana hana sababu ya kuvigharamia ili tu atume ombi. Huvitafuta pale kazi inapokuwa mkononi.

Hitilafu inayorudisha faili nyingi nyuma ni majina. Kitambulisho kina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili, na PIN ya KRA imeandikwa jina la ndoa. Wakati mwingine ni herufi moja tu: huku Otieno, kule Atieno, na kompyuta inaona watu wawili, mwanamume na mwanamke. Njia ya kuigundua ni nyepesi. Mwajiriwa ayatandaze makaratasi yote mezani, kitambulisho kikiwa katikati, asome kila jina kwa sauti, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Penye tofauti ndogo ya mpangilio wa majina, hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo husaidia. Penye kosa kwenye PIN au akaunti ya benki, hurekebishwa huko huko kwenye chanzo. Kosa hilo likigunduliwa Jumamosi nyumbani ni usumbufu wa siku moja. Likigunduliwa mwisho wa mwezi, ni mshahara uliorudi.

Jumatatu: kuripoti

Jumatatu asubuhi muuguzi anafika ofisi ya rasilimali watu mjini Homa Bay akiwa na barua ya uteuzi, barua ya kukubali, makaratasi halisi na nakala zake. Afisa hulinganisha nakala na cheti halisi, hugonga muhuri na kumrudishia halisi zake. Cheti halisi hakibaki ofisini. Mfanyakazi anayeombwa kuacha cheti halisi ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kisha hujaza fomu ya taarifa zake na ya ndugu wa karibu, hutia sahihi tamko la kutunza siri za serikali, na hukabidhi fomu ya uchunguzi wa afya, ile inayojulikana kama GP 69, iliyojazwa na daktari wa hospitali ya umma. Mwisho hupewa barua ya kupangiwa kituo.

Lakini karatasi kuu ya siku hiyo ni fupi kuliko zote. Ni taarifa ya kuripoti, inayosema kwamba mtu fulani, mwenye namba fulani ya kitambulisho, aliripoti tarehe 2 Machi 2026. Huwa na sahihi ya mfanyakazi, sahihi ya afisa aliyempokea, na muhuri wenye tarehe. Mfanyakazi hachukui hatua nyingine kabla hajapata nakala yake.

Kwa nini karatasi hii ndogo ina uzito? Kwa sababu muuguzi atakuwa na tarehe mbili. Ameripoti makao makuu Jumatatu, lakini kisiwani atafika Jumatano. Msimamizi wa kituo ataandika kwenye kitabu chake tarehe 4 Machi, naye hatakuwa amekosea. Bila karatasi ya Jumatatu, tarehe ya kisiwani ndiyo itakayobaki, na siku mbili zimepotea. Pakiwa na ucheleweshaji wa wiki mbili, hasara ni nusu ya mshahara. Tarehe ya kuanza kazi ni mojawapo ya mambo ambayo Sheria ya Ajira inataka yaandikwe kwenye mkataba. Hivyo tarehe zote mbili ziwekwe kwenye faili, moja ikiitwa ya kuanza kazi na nyingine ya kufika kituoni.

Jumanne: faili na orodha ya mishahara

Siku ya pili ni ya ofisini. Faili ya mfanyakazi hufunguliwa, hupewa namba, na taarifa zake huingizwa kwenye mfumo wa mishahara ili apate namba yake ya utumishi. Namba hiyo ndiyo itakayomfuata hadi kustaafu.

Hapa mfanyakazi hupaswa kuelezwa wazi kuhusu mwezi wa kwanza. Orodha ya mishahara hufungwa kabla ya mwezi kwisha, na faili iliyoingia baada ya kufungwa husubiri mwezi unaofuata. Mtu aliyeripoti tarehe 2 akiwa na makaratasi kamili ana nafasi nzuri ya kuwahi. Aliyeripoti tarehe 20, au aliyeripoti tarehe 2 bila PIN, huenda akalipwa mwezi wa pili pamoja na malimbikizo. Pesa haipotei ikiwa tarehe ya kuripoti imeandikwa, kwa kuwa malimbikizo huhesabiwa kutoka tarehe hiyo. Lakini kodi ya nyumba Mbita haingoji malimbikizo. Afadhali mtu aambiwe Jumanne ya kwanza apange matumizi yake kuliko kugundua mwisho wa mwezi benki ikiwa tupu.

Mshahara ukiingia, mfanyakazi asiangalie kiasi cha mwisho tu. Sheria humpa haki ya kupata hati ya mshahara inayoonyesha kila makato. Ataona kodi ya mapato, NSSF, asilimia 2.75 ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Makato yasiyoonekana yana maana yake: ikiwa mstari wa SHA haupo, bima yake haijalipwa, na atalijua hilo siku atakapolazwa.

Jumatano na Alhamisi: kujulishwa

Jumatano muuguzi anasafiri hadi Mbita, makao ya kaunti ndogo ya Suba Kaskazini. Hapo huonana na afisa wa afya wa kaunti ndogo na msimamizi wa kaunti ndogo. Kisha hupanda mashua kwenda Mfangano. Akifika kituoni, msimamizi wa kituo huandika tarehe ya kufika na kuituma makao makuu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayokatika mara kwa mara. Fomu hutiwa sahihi, halafu hukaa kwenye droo ikingoja mtu wa kuvuka nayo. Makao makuu hayajui kama muuguzi alifika au alikata tamaa njiani. Kinga yake ni picha ya fomu iliyopigwa kwa simu na kutumwa siku hiyo hiyo kwa afisa wa rasilimali watu, na karatasi yenyewe kufuata na mashua ya kwanza.

Kujulishwa kwenyewe si kuzungushwa ofisini na kupeana mikono. Sheria ya Serikali za Kaunti, katika kifungu cha 65, inaitaka bodi izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Kwa hiyo ratiba inapaswa kutarajia wageni kamili: mtu anayefika Mfangano bila kujua Kidholuo, au anayefika Kehancha bila kujua Kikuria. Mgonjwa mzee akieleza maumivu kwa lugha ambayo muuguzi haijui, kosa la tiba liko karibu.

Kwa sababu hiyo mfanyakazi anapaswa kuondoka kwenye siku hizi mbili akiwa na majibu ya maswali manne. Ni nani anayempa kazi kila siku? Ni nani anayetia sahihi likizo yake? Ni nani atakayemtafsiria katika miezi ya kwanza? Na dharura ikitokea usiku, anampigia nani? Maswali mawili ya kwanza yanaweza kuwa na majibu tofauti. Kituoni humsikiliza msimamizi wa kituo, lakini likizo yaweza kuhitaji idhini ya kaunti ndogo. Asiyejua hilo huondoka kwa ruhusa ya mdomo, na kwenye kumbukumbu huonekana mtoro.

Alhamisi ni zamu ya jamii. Muuguzi hujulishwa kwa msimamizi wa wadi, kamati ya kituo, wahamasishaji wa afya ya jamii na chifu. Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa, si wa kaunti. Hamwajiri muuguzi wala hamfukuzi, lakini ndiye anayejua nyumba ya kupanga iliyo salama na njia isiyopitika mvua ikinyesha. Wahamasishaji nao hujua ni mama gani amekaribia kujifungua. Wakazi wakiwa hapo humwona usoni na kusikia jina lake, na kwa njia hiyo wanajua kwamba aliye ndani ya zahanati ni muuguzi aliyeletwa na kaunti.

Ijumaa: kazi iliyoandikwa

Siku ya tano muuguzi na msimamizi wake huketi pamoja, wenye karatasi moja. Wanaandika kazi zitakazotazamwa katika miezi sita ijayo. Mambo matano au sita yanatosha, kila moja likiwa linaweza kuhesabika au kuonekana: rejista ya chanjo ijazwe siku ya chanjo, jokofu la chanjo lisomwe joto asubuhi na jioni, ripoti ya mwezi ifike kaunti ndogo kwa tarehe iliyowekwa. "Awe na bidii" si jambo la kuandikwa hapo, maana hakuna atakayeweza kulipima mwezi wa sita bila ugomvi.

Wote wawili hutia sahihi. Nakala moja hubaki kituoni, moja hukaa na muuguzi, na ya tatu huenda kwenye faili.

Ijumaa hiyo pia tarehe za mbele huandikwa kwenye kalenda. Tamko la mapato, mali na madeni, yake mwenyewe, ya mwenzi wake na ya watoto wanaomtegemea walio chini ya miaka 18, hutakiwa ndani ya siku 30 tangu kuwa mtumishi wa umma. Kwa aliyeanza tarehe 2 Machi, siku ya mwisho ni tarehe 1 Aprili. Tamko hili si kwa matajiri tu. Mwenye ng'ombe wawili, mkopo wa chama na simu huandika ng'ombe wawili, mkopo na simu.

Mkataba wa maandishi wenye masharti yote hutakiwa ndani ya miezi miwili. Kwa muuguzi wetu hiyo ni tarehe 2 Mei, ambayo ni Jumamosi, na siku inayotangulia ni sikukuu ya wafanyakazi. Siku ya mwisho ya ofisi ni basi Alhamisi, tarehe 30 Aprili. Mwajiri akishindwa kuonyesha maandishi hayo na mzozo ukafika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia mwajiri. Kwa hiyo karatasi hiyo inailinda kaunti pia.

Miezi sita ya majaribio

Kipindi cha majaribio, kwa kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira, hakizidi miezi sita. Kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine, lakini kwa sharti kwamba mfanyakazi amekubali. Jumla haivuki miezi kumi na miwili. Katika kipindi hiki upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku zisizopungua saba, au mwajiri akalipa mshahara wa siku saba.

Kwa miaka mingi kifungu hicho kilifahamika kumaanisha kwamba mtu aliye kwenye majaribio anaweza kuachishwa bila kusikilizwa. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi waliamua kwamba kumnyima haki ya kusikilizwa kunakwenda kinyume cha Katiba. Msimamizi wa leo hapaswi kungoja siku ya mwisho na kuandika barua ya mistari miwili. Anapaswa kuwa amekwisha kuzungumza na mfanyakazi, na mazungumzo yawe yameandikwa.

Majaribio ya muuguzi yanakwisha tarehe 1 Septemba 2026. Mazungumzo ya kwanza yanaangukia mwezi wa tatu. Jumatatu tarehe 1 Juni ni Madaraka, kwa hiyo yawekwe Jumanne tarehe 2. Ya pili yawe Jumatatu tarehe 3 Agosti, majuma manne kabla ya mwisho. Muda huo unahitajika kwa sababu pendekezo la kumthibitisha hutoka kituoni, hupita kaunti ndogo na idara, kisha hufika kwenye bodi. Pendekezo linaloandikwa tarehe 31 Agosti limekwisha chelewa.

Faida ya mazungumzo ya mwezi wa tatu huonekana zaidi pale ambapo mambo hayaendi. Chukua mfano mwingine, wa afisa wa kilimo aliyepangiwa Kuria Magharibi, kaunti ya Migori. Karatasi yake ya Ijumaa inasema atembelee vikundi vinne vya wakulima kila juma. Mwezi wa tatu daftari linaonyesha viwili. Msimamizi mwenye haraka ataandika kwamba ni mvivu. Lakini karatasi ikiwekwa mezani na safari zikahesabiwa moja moja, hubainika kwamba pikipiki ilikosa mafuta majuma matano, na kwamba vikundi viwili vya mbali vilihitaji mtafsiri ambaye hakupatikana. Hilo si kosa la mtu, ni kosa la vifaa, na dawa yake ni mafuta na mtafsiri. Kinyume chake, ikiwa mafuta yalikuwepo, mtafsiri alikuwepo na safari hazikufanyika, basi afisa ameambiwa mapema, ana miezi mitatu ya kujirekebisha, na hataweza kusema mwezi wa sita kwamba hakujua.

Baada ya mazungumzo huandikwa mambo matatu tu: kilichofikiwa, kilichokosekana na sababu yake, na nani atafanya nini kabla ya Agosti. Mfanyakazi asiyekubaliana ana nafasi ya kuandika maoni yake hapo hapo kabla ya kutia sahihi.

Mwishoni mwa miezi sita kuna majibu matatu halali: kuthibitishwa kwa barua, kuongezewa muda kwa makubaliano ya maandishi, au kuachishwa kwa utaratibu baada ya kusikilizwa. Ukimya si mojawapo. Mfanyakazi ambaye tarehe 1 Septemba hajapata barua aandike mwenyewe kuulizia, akiambatanisha nakala ya taarifa yake ya kuripoti. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi anaweza kukata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Huduma ya Umma ndani ya siku 90.

Sehemu ya mkazi

Mkazi naye ana la kuangalia katika ratiba hii. Hakuna hatua hata moja iliyotajwa ambapo mfanyakazi mpya humlipa mtu mkononi. Barua ya uteuzi hailipiwi, kupangiwa kituo hakulipiwi, kuingizwa kwenye orodha ya mishahara hakulipiwi. Ada za vyeti vinavyolipiwa serikalini, kama cha mwenendo mwema, hupitia eCitizen, ambako namba ya kulipia ni 222222. Anayemwambia mzazi atume pesa kwa namba ya simu ya mtu binafsi ili kijana "aingie kwenye mfumo" anauza kitu ambacho hana. Barua yenye shaka ipelekwe ofisi ya bodi ya kaunti, ilinganishwe na kumbukumbu zao kabla ya shilingi yoyote kutoka.

Na wakazi ambao wamempata muuguzi, mwalimu wa chekechea au afisa wa kilimo wanaweza kuuliza swali moja dogo kwenye mkutano wa wadi: je, mgeni wetu ameanza kulipwa? Kamati ya kituo iliyouliza mwezi wa kwanza huweza kuitoa fomu iliyosahauliwa kwenye droo. Ikiuliza mwezi wa nne, pengine itakuta chumba chake kimefungwa na mashua imekwisha kumrudisha Mbita.

Kwa mfanyakazi anayeanza Jumatatu ijayo, neno ni hili: kabla ya kutoka ofisini siku hiyo, hakikisha una nakala ya karatasi yenye tarehe, sahihi mbili na muhuri. Ipige picha, kisha uiweke pamoja na vyeti vyako.